Siku ya kwanza ya kuumwa: umwandikie nini msimamizi wako

Ujumbe wa kuumwa una kazi mbili: kumjulisha msimamizi kwamba leo hupo, na kumwezesha kupanga kazi bila wewe. Wengi hueleza ugonjwa kwa kirefu, wakasahau kazi.

Chukua mtunza stoo ambaye shifti yake inaanza saa 1 asubuhi. Saa 11 alfajiri ana homa na hawezi kusimama. Ujumbe huu unamtosha:

“Shikamoo Madam. Ni Rehema wa stoo. Naumwa tangu jana usiku, leo sitaweza kuingia. Naenda zahanati kukipambazuka, na kabla ya saa 8 mchana nitakujulisha kama nimepewa ED. Saa 4 tunapokea mzigo wa sukari. Oda yake ipo kwenye faili la bluu mezani kwangu. Funguo nimeziacha kwa mlinzi. Nisipopatikana, mpigie dada yangu kwa namba niliyoijaza kwenye fomu ya ajira.”

Hakutaja ugonjwa, na hakutakiwa kuutaja. Hata daktari hajamwona bado. Akiandika “nina malaria” halafu cheti kikaja na jambo lingine, atakuwa amejitengenezea maswali bure. Hakuahidi pia kwamba kesho atakuja, maana siku za mapumziko anapanga daktari. Alichoahidi ni saa ya kutoa taarifa, na hicho kiko ndani ya uwezo wake.

Picha ya dripu, majibu ya maabara na majina ya dawa visitumwe kabisa, hasa kwenye grupu la WhatsApp la kazini. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na picha ikishaingia kwenye grupu huwezi kujua itafika wapi. Mwandikie msimamizi peke yake. Asipousoma ujumbe hadi shifti inakaribia, mpigie.

Ujumbe huu hauchukui nafasi ya cheti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na zinazobaki kwa nusu mshahara. Lakini usipoleta cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo. Kwa hiyo cheti hicho, yaani ED, kidai siku hiyohiyo, kabla hujatoka zahanati.

Yapo mazingira mawili ambapo ni lazima useme zaidi. Mpishi au mhudumu wa chakula anayeharisha au kutapika aseme wazi, kwa sababu wenzake na wateja wanaweza kuambukizwa. Na kama umeumia kazini, andika ulikuwa wapi, saa ngapi, ukifanya nini na nani alikuona, kwa kuwa mwajiri atazihitaji taarifa hizo kuiarifu WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa ajili ya fidia yako.