Kapsheni mbili, bajeti ndogo: dhana potofu zinazowapoteza wauzaji

Tuchukue muuza abaya wa Dar es Salaam anayesponsa tangazo Instagram, ambalo mteja akilibonyeza linamfungulia WhatsApp. Picha ni moja, kapsheni ni mbili. Toleo A linasema: “Abaya za nida 45,000, saizi 52 hadi 60, tunaleta hadi mlangoni Dar nzima.” Toleo B linasema: “Abaya za nida zimeingia, saizi 52 hadi 60. Bei tuulize WhatsApp.” Ametenga shilingi 10,000 kwa siku kwa kila toleo, kwa siku 7, yaani 140,000 zote. Takwimu za matokeo tutakazozitumia ni za mfano, lakini hesabu yake ndiyo ile ile utakayoifanya kwa namba zako.

Dhana: Ukiweka kapsheni zote mbili kwenye kampeni moja, mtandao utazipima kwa haki.

Hapana. Matangazo mawili yakikaa ndani ya “ad set” moja, yaani kundi moja la matangazo yenye walengwa wale wale, mfumo wa Meta, wenye Instagram, huanza mapema kulipendelea lile linaloonekana kufanya vizuri, na fedha nyingi humiminikia huko. Unaweza kukuta toleo moja limewafikia watu 9,000 na jingine 1,500. Hilo la pili halijashindwa, halikupewa nafasi. Kuposti A Jumatatu na B Ijumaa nako hakusaidii, maana siku zenyewe hazifanani, hasa mshahara ukiingia katikati.

Njia ya haki ni kutumia “A/B test” iliyomo Ads Manager, sehemu ya Meta ya kusimamia matangazo. Hiyo huwagawa walengwa, kila mtu akawekwa kwenye kundi la toleo moja tu, na bajeti ikagawanywa sawa. Iache iende siku 7 kamili ili kila toleo lipate siku za kazi na za mapumziko. Kabla ya kurusha, pitia maboresho ya tangazo na uzime “Text improvements”, kwa sababu inauruhusu mfumo kuyachezea maandishi, nawe utakuwa unapima kitu ambacho hukukiandika. Usihariri tangazo katikati ya safari.

Angalia pia tofauti iko wapi ndani ya kapsheni. Kwenye simu maandishi ya tangazo hukatwa, na Meta wenyewe hushauri ujumbe mkuu usizidi herufi 125 hivi. Matoleo yakianza kwa sentensi zile zile na kutofautiana chini huko, wengi watakuwa wamesoma kapsheni moja. Katika mfano wetu bei iko mwanzoni kabisa, na ndivyo inavyotakiwa.

Dhana: Lililopata meseji nyingi zaidi ndilo lililoshinda.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo twende taratibu. Wiki imeisha. Kila toleo limewafikia watu 6,000. A limeleta mazungumzo 22, B limeleta 31. B limezidi kwa asilimia 41, na mtu yeyote angeshawishika kuliita mshindi.

Kuna kipimo kinachotosha kufanywa kwa kikokotoo cha simu. Jumlisha matokeo ya pande zote mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha zidisha kwa 2. Tofauti kati ya matoleo ikiwa ndogo kuliko jibu hilo, huna ushahidi wa kutosha kumtaja mshindi.

```
22 + 31 = 53
√53 = 7.3
7.3 × 2 = 14.6
31 - 22 = 9
```

Tisa haifiki 14.6. Ukirusha sarafu mara 53, takriban mara moja katika kila majaribio manne upande mmoja utauzidi mwingine kwa 9 au zaidi, na sarafu haina kapsheni. Ili tuanze kuamini, mazungumzo hayo 53 yangepaswa kugawanyika 34 kwa 19 au kwa pengo kubwa zaidi. Kipimo hiki kinafaa pale tu matoleo yamefikia watu karibu sawa, na waliojibu ni wachache ukilinganisha na waliofikiwa. Jumla ikiwa chini ya 20 hivi, usikitegemee.

Je, pengo la 22 kwa 31 likiwa la kweli, ingehitajika bajeti gani kulithibitisha? Zaidi ya watu 30,000 kwa kila toleo, yaani kama mara tano ya alichotumia muuzaji wetu. Ndiyo maana kwa bajeti ndogo hakuna faida kupima emoji moja dhidi ya nyingine, au “karibu” dhidi ya “karibuni”. Pima vitu vinavyoweza kuleta pengo kubwa: bei kutajwa au kufichwa, kuleta mlangoni au mteja kuja dukani.

Dhana: Meseji ni meseji.

Kapsheni inayoficha bei huvuta meseji kwa sababu iliyo wazi: watu wanauliza bei. Wengi wakishatajiwa 45,000 hunyamaza. Toleo A limekwisha kuwachuja hao kabla hawajabonyeza. Kulinganisha mazungumzo matupu ni kulipa B zawadi kwa kuficha kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kurusha tangazo, andika mahali ni kitu gani kimoja utakachohesabu. Kwa biashara hii tungehesabu mteja aliyetaja saizi yake na mahali anapopelekewa mzigo. Mpe kila tangazo ujumbe wake wa kuanzia wa WhatsApp, kwa mfano “Habari, naulizia abaya za nida” kwa A na “Habari, naulizia abaya mpya” kwa B, kisha weka lebo kwenye WhatsApp Business kadiri zinavyoingia. Baadhi ya wateja wataufuta ujumbe huo na kuandika wao. Hao waache nje ya hesabu, usiwabahatishe.

Tuseme kati ya 22 wa A, waliotaja saizi na mahali ni 13, na kati ya 31 wa B ni 9. Mpangilio umegeuka. Lakini kipimo ni kile kile: jumla 22, kipeuo 4.7, mara mbili ni 9.4, na tofauti ni 4. Bado hatuna mshindi. Sisi tungebaki na A, kwa kuwa linampunguzia muuzaji meseji za kujibu, ila huo ni uamuzi wa kazi. Kwenye daftari andika “haikutofautika”, usiandike “kutaja bei kunauza”.

Usihesabu kwa “Clicks (all)” pia. Namba hiyo hujumlisha hata waliopenda tangazo na waliobonyeza jina la ukurasa.

Dhana: Toleo likiongoza siku ya tatu, zima jingine uokoe fedha.

Kipimo cha hapo juu kina nafasi ya asilimia 5 hivi ya kukudanganya, endapo utakitumia mara moja, mwisho. Ukikitumia mara tano njiani, ukiwa tayari kusimama mara tu pengo litakapotosha, nafasi hiyo hupanda hadi kama asilimia 14. Mara kumi, 19. Na hata pengo linalopita huwa limetiwa chumvi na bahati, kwa hiyo toleo lililoshinda kwa kuleta mara mbili ya jingine lisitarajiwe kuleta mara mbili tena mwezi ujao. Fungua ripoti kila siku kuangalia kama tangazo limekataliwa au fedha zimekwama. Hesabu ya mshindi iwe siku ya 8.