Kitambaa kimoja, pesa za aina tatu

Mteja wangu mmoja hapa Tanga ana kampuni ndogo ya kushona sare za shule, maeneo ya Ngamiani. Mwezi Agosti alinijia na barua ya maombi iliyokwisha kuandikwa: mkopo wa milioni 40, marejesho ya miezi 24. Milioni 28 za majora ya vitambaa, milioni 12 za mashine ya kudarizi nembo. Alitaka nimwekee saini kwenye hesabu tu.

"Mama, hii milioni 28 itakaa nje siku ngapi?" nikamuuliza.

"Mwanangu, benki haikuuliza hilo. Imeuliza hati ya nyumba."

Ni kweli, wengi huanza na dhamana, kisha riba, na wakifika kwenye muda wamechoka. Mimi huanza na muda, na muda hauonekani kwenye hesabu ya faida na hasara. Unaonekana kwenye makadirio ya mtiririko wa fedha, yaani jedwali la pesa zinazoingia na zinazotoka, kila moja ikiwekwa kwenye mwezi ambao pesa yenyewe itapita. Sare iliyouzwa kwa shule binafsi mwezi Desemba haiandikwi Desemba kama shule hiyo hulipa Februari, ikishakusanya ada. Kitambaa cha kuuza Januari kinaandikwa Oktoba, kwa sababu ndipo muuza majora wa Kariakoo anapodai chake. Uchakavu wa mashine hauingii kabisa. Awamu za kodi ya mapato zinaingia Septemba, Desemba, Machi na Juni, maana TRA haitasubiri msimu wako uive.

Tulipomaliza, jedwali lake bila mkopo wowote na bila mashine lilikuwa hivi, kwa milioni za shilingi. Alianza Septemba na milioni 8 benki.

| Mwezi | Zinaingia | Zinatoka | Salio la mwisho |
|---|---|---|---|
| Septemba | 7 | 8 | 7 |
| Oktoba | 5 | 20 | −8 |
| Novemba | 6 | 23 | −25 |
| Desemba | 18 | 12 | −19 |
| Januari | 34 | 8 | 7 |
| Februari | 16 | 6 | 17 |
| Machi | 7 | 8 | 16 |

Gharama za kawaida, yaani mishahara, pango na umeme, ni milioni 6 kwa mwezi. Oktoba na Novemba zimeongezeka milioni 14 kila mwezi za majora, na kuanzia Novemba kuna mafundi wa vibarua. Shule zinafunguliwa Januari, na wazazi wananunua hapo hapo.

Soma safu ya mwisho. Shimo linafunguka Oktoba na kujifukia lenyewe Januari. Biashara hii haina upungufu wa mtaji wa mwaka mzima. Inapungukiwa kwa miezi mitatu na kitu, kila mwaka, majira yale yale.

Jedwali la mwezi lina tatizo lake: linaonyesha salio la tarehe ya mwisho tu. Kwa miezi iliyo hasi huwa naifungua wiki kwa wiki. Desemba ilipofunguliwa, wiki ya kwanza zilitoka 5 na kuingia 1, ya pili zikatoka 4 na kuingia 3, na mauzo yakachangamka baada ya hapo. Kwa hiyo kina halisi cha shimo si milioni 25. Ni milioni 30, katikati ya Desemba. Mtu aliyeomba kikomo cha milioni 25 kwa kuangalia jedwali la mwezi angekwama wiki ambayo mafundi wako kazini usiku na mchana.

Sasa urudi kwenye barua yake ya milioni 40. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka (natumia namba za mfano, barua ya ofa yako ndiyo itakayosema), rejesho ni karibu milioni 2 kila mwezi. Kwenye karatasi linalipika. Lakini angalia linalipika vipi. Nje ya msimu, ukiacha Julai wanapoingia wa kidato cha tano, duka linabakiza kama milioni 1 kwa mwezi. Milioni nyingine lazima itoke kwenye akiba ya msimu. Ukiendesha jedwali pamoja na mkopo huo na mashine ikiwa imenunuliwa, mwisho wa Machi kutakuwa na zaidi ya milioni 30 zimelala kwenye akaunti, zikisubiri Oktoba, huku zikilipiwa riba. Na hizo lazima zilale kweli. Zikigeuzwa kiwanja cha Pongwe au kuchangia harusi mwezi wa nne, Oktoba inayofuata hakuna pesa ya majora na mkopo bado una mwaka mzima mbele. Hivyo ndivyo watu wanavyokopa mkopo wa pili wa kulipia kitambaa, huku wa kwanza ukilipia kitambaa ambacho watoto wamekwisha kukichakaza.

Kwa hiyo tuliigawa barua.

Mashine ya kudarizi ilibaki kwenye mkopo wa muda maalumu, kwa sababu itafanya kazi miaka kadhaa na itajilipa kidogo kidogo. Milioni 12 kwa miezi 24 ni rejesho la takriban laki 6. Kwa miezi 36 ni kama 434,000. Ya miezi 36 inakula riba ya milioni 1.2 zaidi, nami bado niliipendelea, kwani laki 6 kutoka kwenye milioni 1 ya mwezi wa Mei haiachi nafasi hata ya cherehani kuharibika. Mashine inaokoa pesa anazowalipa watu wa nje kumdarizia nembo, ila uokozi huo unaonekana zaidi Novemba hadi Januari. Rejesho linadaiwa kila mwezi.

Vitambaa ndivyo vilivyohitaji kufikiriwa zaidi.

Ovadrafti ni ruhusa ya kushusha akaunti yako chini ya sifuri hadi kikomo fulani. Riba inahesabiwa kwa siku, juu ya kiasi ulichotumia tu, na mauzo yakiingia yanapunguza deni siku hiyo hiyo. Kwa shimo linalofunguka na kufunga, hilo ndilo umbo lake. Lakini benki inaweza kuidai yote wakati wowote, kikomo hukaguliwa upya kila mwaka, na kuna ada ya kuiandaa hata usipoigusa. Benki yake ilikuwa tayari kwa milioni 20. Shimo ni 30.

Njia ya tatu ni mali kauli. Muuza majora alikubali kumpa mzigo na siku 60 za kulipa, kwa bei iliyozidi ya taslimu kwa asilimia 5. Wengi husikia asilimia 5 na kuilinganisha na riba ya ovadrafti ya asilimia 20 kwa mwaka, wakaona wamepata bure. Asilimia 5 kwa siku 60 ni kama asilimia 30 kwa mwaka. Majora ya milioni 14 kwa mali kauli yanamgharimu 700,000 zaidi; pesa hiyo hiyo kwenye ovadrafti ya asilimia 20 kwa siku 60 ni kama 460,000. Muuzaji naye ni mkopeshaji, ila riba yake ameificha ndani ya bei. Kama kwako muuzaji hana bei mbili, basi kweli unakopeshwa bure, na hiyo ichukue kwanza kabla ya nyingine zote. Muulize wazi, "nikikulipa leo unaniuzia ngapi?" Mara nyingi bei ya pili ipo.

Hata hivyo, jambo lililoamua halikuwa bei. Lilikuwa tarehe. Mzigo wa katikati ya Oktoba, ukihesabu siku 60, unadaiwa katikati ya Desemba, wiki ile ile ya shimo refu kuliko zote. Mali kauli ya Oktoba ingesogeza maumivu kutoka mahali yanapovumilika hadi mahali yasipovumilika. Mzigo wa katikati ya Novemba unadaiwa katikati ya Januari, wakati wazazi wamekwisha kununua. Ni masharti yale yale, lakini wa kwanza unaua na wa pili unaokoa.

Tukaamua majora ya Oktoba yalipwe taslimu kwa ovadrafti na apate bei nzuri, ya Novemba yawe mali kauli. Jedwali likabadilika: Novemba inafunga kwenye −11, katikati ya Desemba −16, Desemba inafunga −5, na Januari, baada ya kumlipa muuzaji milioni 14.7, inafunga kwenye 6.3. Rejesho la mashine na kile inachookoa katika miezi hiyo vinakaribia kufutana. Kikomo cha milioni 20 kinatosha, na riba ya ovadrafti ya msimu wote ni kama laki 5.

Kisha nikaliharibu jedwali kwa makusudi. Nilichukua milioni 8 ambazo shule zilitarajiwa kulipa mwishoni mwa Desemba nikazipeleka Februari. Desemba ikafunga −13 na Januari −1.7. Bado iko ndani ya kikomo, na muuzaji bado analipwa tarehe yake. Hili la muuzaji nililisisitiza kuliko benki. Ukichelewesha benki siku tatu, utalipa faini. Ukimchelewesha mwenye majora katikati ya Januari, hatakutumia ile rangi iliyokuishia dukani huku wazazi wamesimama mlangoni.

Laiti jedwali lingevuka milioni 20 kwenye jaribio hilo, nisingemshauri aongeze deni. Ningemwambia apunguze majora ya Novemba, au aombe shule zitoe nusu ya malipo wakati wa kuagiza.

Kipimo chake kwa sasa ni kimoja, na hahitaji mhasibu kukisoma. Kwenye taarifa ya benki ya mwaka mzima, tunatafuta salio la juu kabisa alilofikia. Likiwa juu ya sifuri kwa wiki kadhaa, ovadrafti inafanya kazi yake. Ikifika mwisho wa Februari akaunti haijawahi kupanda juu ya, tuseme, −6, basi milioni 6 hizo si za msimu tena. Ni mtaji uliozama kwenye madeni ya shule au sare zisizouzika, na unalipiwa riba ya juu chini ya karatasi ambayo benki inaweza kuifuta wakati wowote. Hapo nitamwandikia mwenyewe barua ya kuomba hizo 6 zihamishiwe kwenye mkopo wa muda maalumu, mwezi Machi, wakati mauzo ya msimu bado yanaonekana kwenye akaunti na afisa mikopo ana kitu kizuri cha kusoma.