Ramani ya nyota na ile "nyota" ambayo haikuchorwa

Ramani ya nyota ni mchoro wa anga la usiku ulioshushwa kwenye karatasi au kioo cha simu. Kila nyota ni nukta, na nukta ikiwa kubwa ina maana kwamba nyota hiyo inang'aa zaidi. Nukta jirani huunganishwa kwa mistari ili kupata makundinyota: Nge, Simba, Mapacha, Jabari, Msalaba wa Kusini. Nyota hizo zimekaa mahali pamoja kiasi kwamba ramani iliyochapwa miaka hamsini iliyopita bado inafaa leo. Sayari kama Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali hutazikuta kwenye ramani ya namna hiyo, kwa sababu zinahama. Yeyote angezichora angelazimika kuandika na tarehe, na baada ya wiki chache mchoro wake ungekuwa umepitwa.

Kutokuwepo huko ndiko kunakosaidia. Ukipiga picha ya anga, ukailinganisha na ramani, ukakuta nukta angavu ambayo ramani haina, umepata sayari. Kazi yote iliyobaki ni kuhakikisha kwamba umelinganisha sehemu sahihi ya anga, na kwamba nukta hiyo iko angani kweli.

Tuchukue picha ya alfajiri ya tarehe 12 Agosti 2025, iliyopigwa Hombolo, kaskazini-mashariki ya jiji la Dodoma. Mahali pana maana yake: ukiwa Hombolo na kuelekea mashariki, taa za jiji zinabaki nyuma yako. Mtu wa Bahi, aliye magharibi, akielekeza simu upande huohuo anapiga mwanga wa jiji lote kwanza, ndipo azipate nyota. Simu imesimamishwa wima kwenye stendi, imeelekezwa mashariki na kidogo kaskazini, na lenzi imeachwa wazi sekunde 10. Ni saa 11:50 alfajiri, jua bado lina karibu saa nzima kabla ya kuchomoza.

Hapa kuna mtego mdogo unaowapata hasa Waswahili. Programu za ramani kama Stellarium zinataka saa ya kizungu, yaani 05:50. Ukiandika 11:50, programu inakuonyesha anga la mchana kabla ya adhuhuri, na hapo hakuna kitakachofanana na picha yako. Weka pia mahali: Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini ya ikweta na nyuzi 36 mashariki. Ramani iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya ina nyota nyingi zilezile, lakini itakuonyesha Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu haichomozi kabisa, na itakunyima sehemu kubwa ya anga la kusini.

Sasa geuza ramani. Ramani ya nyota ina kaskazini juu, lakini mashariki iko kushoto, kinyume na ramani ya mikoa tuliyozoea ukutani darasani. Si kosa la mchapaji. Ramani ya nchi unaitazama kutoka juu ukiangalia chini, na hii unaitazama kutoka chini ukiangalia juu. Kwa kuwa picha yetu imepigwa kuelekea mashariki, zungusha ramani mpaka ukingo wa mashariki uwe chini, pale penye upeo wa macho. Kaskazini itaangukia kushoto na kusini kulia, sawasawa na kwenye picha. Wengi hukwama hapa, kwa sababu kundinyota la Jabari, ambalo kwenye ramani limesimama wima, huku Dodoma linachomoza limelala ubavu. Zile nyota tatu za mshipi wake zinapanda moja juu ya nyingine kama vidato vya ngazi, nyota nyekundu ya begani ikiwa kushoto na nyeupe ya mguuni ikiwa kulia.

Anza na Jabari, kwa sababu hakuna pengine angani penye nyota tatu za namna ile. Kwenye picha yetu yuko upande wa kulia, nyuzi kama 45 juu ya upeo. Kutoka kwake panda kushoto utaipata Dabarani, nyota ya rangi ya chungwa katika kundi la Ng'ombe, na kushoto zaidi kuna Kilimia, kile kichungu cha nyota ndogo ambacho wakulima wa zamani walikitazamia mvua. Ukivipata hivyo vitatu katika mpangilio uleule wa ramani, basi ramani na picha zimekubaliana.

Usipime kwa macho tu. Tumia picha kuwa rula yake yenyewe: mshipi wa Jabari kutoka mwisho hadi mwisho ni karibu nyuzi 3. Pima mshipi kwenye kioo kwa milimita, na hapo utajua milimita moja ni nyuzi ngapi. Kingoni mwa picha lenzi pana ya simu huvuta vitu, kwa hiyo vipimo vya pembeni vichukue kwa makadirio.

Shuka sasa kutoka kwa Jabari kuelekea chini kushoto. Karibu na upeo, kwenye nyuzi 8 hadi 10, kuna nyota mbili za ukubwa unaokaribiana, zimeachana nyuzi nne na nusu. Ramani inazijua: ni Kastori na Poluksi, vichwa vya Mapacha. Juu yake upande wa kulia, kwa umbali unaokaribia mara tatu ya nafasi kati ya vichwa hivyo, kuna nukta mbili nzito zilizogusana karibu, kubwa kuliko nyota yoyote kwenye picha. Rudi kwenye ramani. Sehemu hiyo, ndani ya miili ya Mapacha, ina nyota za wastani tu. Nukta mbili za namna ile hazipo.

Asubuhi ile zilikuwa Zuhura na Mshtarii, zimekaribiana kwa pungufu ya nyuzi moja. Mshtarii ilikuwa kushoto na Zuhura kulia. Nani ni nani hujulikana kwa mwangaza. Katika kipimo cha wanaanga, namba ikiwa ndogo ndivyo nuru inavyozidi: Zuhura ilikuwa karibu na −4, Mshtarii karibu na −1.9, na tofauti hiyo ni sawa na Zuhura kung'aa takribani mara saba. Hata hivyo, kwenye picha ya sekunde 10 huenda zote mbili zikaonekana madoa meupe yanayolingana. Kihisio cha kamera kikishajaa mwanga hakiwezi kuandika zaidi, na rangi nayo inapotea. Piga nyingine ya sekunde moja au chini ya hapo. Nyota ndogo zitatoweka, lakini sayari zitabaki na tofauti yao itajitokeza.

Tumelelewa na kanuni kwamba nyota humetameta na sayari hutulia. Kwa macho inasaidia, isipokuwa karibu na upeo ambako hata Zuhura hucheza. Kwa picha haina kazi, kwa kuwa sekunde 10 za mwanga hukusanya kumeta kote kuwa nukta moja tulivu. Rangi nayo iamini kwa tahadhari. Agosti ni mwezi wa upepo na vumbi Dodoma, na kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 10 hupakwa wekundu. Zuhura inayochomoza kwenye vumbi imewahi kuitwa Mirihi mara nyingi mno.

Kuna kipimo bora zaidi. Sayari zote hutembea karibu na njia moja, ile ambayo jua hupita mbele ya makundinyota katika mwaka, na ramani nyingi huichora kwa mstari wa nukta. Kwenye picha yetu njia hiyo inapita kati ya Kilimia na Dabarani, inashuka ndani ya Mapacha, kisha inazama kwenye upeo kuelekea Kaa na Simba. Nukta zetu mbili ziko juu yake. Alfajiri hiyohiyo mtu aliyegeuza simu kusini-mashariki alinasa nyota mbili kali, Shira na Suheli, ambazo ndizo za kwanza na za pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku, na angeweza kuapa kwamba ni sayari. Ramani inazo zote mbili, na ziko mbali na njia ya jua. Vivyo hivyo, kitu chochote kinachong'aa jirani na Msalaba wa Kusini hakiwezi kuwa sayari, mwaka wowote.

Kabla ya kutangaza, ondoa nukta za uongo. Taa ya nje au mwezi ukiingia kwenye kona ya picha, lenzi hutengeneza doa la mwanga upande wa pili, sawasawa kuvuka kitovu cha picha. Sogeza simu kidogo na upige tena. Doa la lenzi litahama na kuacha nyota mahali pake. Kihisio nacho huweza kuwa na vinukta vibovu ambavyo hung'aa pikseli ileile katika kila picha, hata ukifunika lenzi. Ndege na satelaiti huacha mstari.

Kama bado una shaka, rudi baada ya siku kadhaa. Zuhura wakati ule ilikuwa inasogea mbele ya nyota zaidi ya nyuzi moja kwa siku, na Mshtarii sehemu ya tano ya nyuzi tu. Kufikia tarehe 20 Agosti, Zuhura ilikuwa imeshuka nyuzi kama 8 chini ya Mshtarii, na kipande chembamba cha mwezi wa mwisho kilikuwa jirani nazo. Kastori na Poluksi zilikuwa zilezile, palepale.

Mwendo huo wa Mshtarii unasaidia pia kwa picha ya zamani isiyo na tarehe, au skrinishoti ya ramani iliyotumwa na kutumwa tena. Mshtarii huzunguka jua kwa karibu miaka 12, kwa hiyo hukaa takribani mwaka mmoja katika kila kundi la njia ya jua. Desemba 2024 ilikuwa kwa Ng'ombe, Agosti 2025 kwa Mapacha. Skrinishoti inayoiweka kwa Ng'ombe huku wewe unaiona penye Mapacha ni ya msimu mwingine.

Utaridi ndiyo inayosumbua, maana haiachani na jua na mara nyingi humezwa na vumbi la upeo. Lakini katika siku hizohizo, karibu na tarehe 19 Agosti, ilikuwa umbali wa nyuzi kama 19 kutoka kwenye jua, ndani ya kundi la Kaa. Kaa ni kundi fifi, halina hata nyota moja ambayo macho yangeitambua kirahisi mapambazuko yakianza. Nukta moja angavu iliyonaswa pale, chini ya Zuhura, haina jina lingine la kupewa.