Nusu kijiko kipi? Nilivyosahihisha kipimo cha chumvi

Jumatano saa 1 asubuhi, kabla sijafungua duka la dawa, nilikuta ujumbe wa muuguzi mmoja tunayefahamiana: "Kaka, hiyo chumvi ni nusu kijiko kipi?" Alikuwa amesoma makala niliyoiweka saa 3 usiku, inayoeleza jinsi ya kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya sukari na chumvi pale pakiti ya ORS inapokosekana. Nikaifungua. Maji safi lita 1, sawa. Sukari vijiko 6 vya chai, sawa. Chumvi, nusu kijiko cha chakula. Nikakaa chini.

Chanzo cha kosa kingechekesha kama kisingehusu watoto. Kwenye daftari langu nilikuwa nimefupisha vipimo vyote "k.ch." Nilipoviandika kwa kirefu, cha sukari kikawa kijiko cha chai, na cha chumvi, sijui mkono uliwaza nini, kikawa kijiko cha chakula. Nikasoma tena mara mbili kabla ya kuiweka hewani na sikuona kitu, maana kichwani nilikuwa najua kipimo, kwa hiyo nilikuwa nasoma kichwa changu, si maandishi.

Kijiko cha chakula kina ujazo wa vijiko 3 vya chai. Nusu kijiko cha chai cha chumvi laini ni kama gramu 3. Nusu kijiko cha chakula ni kama gramu 9. Gramu 9 kwa lita ndicho kipimo cha maji ya dripu ya chumvi, yale yanayopita kwenye mshipa. Pakiti ya ORS ya sasa inatoa milimoli 75 za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, kwa lita, na mchanganyiko wangu ulifika 154, zaidi ya mara mbili. Ukijumlisha na sukari, maji hayo yanakuwa mazito kuliko damu yenyewe. Badala ya utumbo kuyafyonza, yanavuta maji kutoka mwilini kwenda tumboni. Mtoto anaharisha zaidi, huku sodiamu kwenye damu yake ikipanda.

Kipimo nilikirekebisha ndani ya dakika moja. Hiyo ndiyo sehemu rahisi, na wengi huishia hapo. Lakini kufuta kosa kunamsaidia atakayesoma kesho. Mama aliyesoma jana usiku, akachemsha maji na kuyaweka kwenye chupa, hana sababu ya kurudi kusoma tena. Ni yeye niliyepaswa kumwandikia.

Rasimu ya kwanza naiweka hapa kama ilivyokuwa, na aibu zake: "Samahani wasomaji, kulikuwa na kosa dogo la uandishi kwenye kipimo cha chumvi. Limesharekebishwa. Asanteni kwa uelewa wenu."

Nilimtumia yule muuguzi. Akajibu, "Sasa mimi mwenye chupa nusu imeshanyweka nifanye nini?" Hakuwa na chupa, alikuwa ananionyesha. Nilichoandika hakisemi chumvi ilizidi au ilipungua, na tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Ingekuwa imepungua, ningemwambia mama atengeneze upya na mambo yangeishia hapo. Hakisemi kosa lilikaa muda gani, kwa hiyo atakayesoma wiki ijayo angehangaika bure. Na lile neno "dogo" lilikuwa la kunitetea mimi. Kosa lilikuwa dogo kwenye karatasi tu.

Rasimu ya pili niliiweka juu kabisa ya makala, kabla ya kichwa cha kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule:

"MASAHIHISHO. Kipimo sahihi ni hiki: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya CHAI, chumvi nusu kijiko cha CHAI, vyote vya kusawazishwa juu, visiwe vya mlima. Kuanzia Jumanne saa 3 usiku hadi Jumatano saa 1 asubuhi makala hii ilitaja kijiko kikubwa kwa upande wa chumvi. Chumvi hiyo ni mara 3 ya inayotakiwa na inaweza kumdhuru mtoto. Kama ulitengeneza kwa kipimo hicho, mwaga. Kama mtoto ameshakunywa, mpeleke kituo cha afya leo hata kama anaonekana mzima, na uwaambie alikunywa maji yenye chumvi nyingi. Akiwa amelegea, ana usingizi usio wa kawaida, analia bila kutulizika au ameshikwa na degedege, usisubiri, nenda sasa hivi. Njiani endelea kumnyonyesha kama anaweza kunyonya. Usimjaze maji matupu mengi kwa haraka. Kosa ni langu."

Niliandika "hata kama anaonekana mzima" kwa sababu sodiamu inapopanda, maji hutoka ndani ya seli na kuingia kwenye damu, hivyo mzunguko wa damu unajitahidi kubaki vizuri. Ukiivuta ngozi ya tumbo inarudi karibu kama kawaida, wakati mtoto amepungukiwa na maji kuliko unavyodhani. Ningeandika "ukiona dalili nenda hospitali", ningekuwa namwambia mama asubiri dalili zinazochelewa. Na hilo la maji matupu ni kwa sababu sodiamu iliyopanda inatakiwa kushushwa taratibu. Ikishushwa ghafla ubongo unaweza kuvimba. Maelezo haya sikuyatia ndani ya masahihisho. Mtu mwenye mtoto mgonjwa mapajani anahitaji kujua la kufanya, sababu zinaweza kusubiri aya za chini.

Kipimo sahihi kimetangulia kwa sababu ya skrinishoti. Watu hukata sehemu ya juu na kuirusha WhatsApp, na kinachosomwa kwanza ndicho kinachoshikwa. Kwa sababu hiyohiyo kosa sikulipanga kama kipimo, yaani sikuandika "nusu kijiko cha chakula" kwenye mstari wake ambapo mtu angeweza kuunakili. Nimelitaja katikati ya sentensi, likiwa limefungwa na onyo lake. Wapo wanaopenda kuacha kosa likiwa limepigiwa mstari katikati ili kila mtu alione. Kwa jina la mtu au mwaka wa tukio sina ugomvi nao. Kwa kipimo cha dawa, ule mstari unapotea picha ikishakuwa na ukungu baada ya kurushwa mara kumi.

Kwenye makala yenyewe niliongeza kitu kimoja ambacho kingeweza kuniokoa tangu mwanzo: tia chumvi kwanza, koroga, onja kabla ya sukari. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Hiki si kipimo cha maabara, lakini kinaweza kumkamata mtu aliyekosea kijiko, na kingeweza kumkamata hata aliyedanganywa na mimi.

Ilibaki kuifuata makala ilikokwenda. Hapo masahihisho yaliyo juu ya ukurasa wangu hayafiki. Niliwaandikia mmoja mmoja wote niliowatumia kiungo, kisha nikauliza nani kairusha wapi. Mchana nikaipata kwenye kundi la wazazi la shule moja: picha ya aya ileile, yenye kipimo kibovu, imewekwa saa 4 usiku, na chini yake watu wanane wameshukuru. Sikuandika ujumbe mpya ambao ungepita na michango ya sare. Niliijibu picha ileile, ili kila atakayebonyeza jibu langu apelekwe kwenye kosa, nikaweka masahihisho yote, na nikamwomba msimamizi wa kundi ayabandike juu na aifute ile picha. Aliyabandika. Picha aliifuta saa 12 jioni, alipotoka kazini.