Ufadhili wa Masomo kama Hatua ya Kazi: Maana Yake na Namna ya Kuupanga

Kutumia ufadhili wa masomo kama mkakati wa kazi maana yake ni kuanza na kazi unayotaka uwe unaifanya baada ya miaka kumi au kumi na mitano, kisha kurudi nyuma hadi ulione pengo la ujuzi linalokuzuia leo, na ndipo utafute mfadhili ambaye masharti yake yanaweza kuliziba pengo hilo. Wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini tumezoea kwenda kinyume. Tangazo linasambaa kwenye makundi ya simu, linasema kila kitu kinalipwa, na mtu anaanza kutafuta kozi yoyote itakayomwezesha kuomba. Anaweza kufaulu kabisa, akaenda na kurudi na shahada yenye heshima, kisha akagundua kwamba hakuna ofisi wala maabara kati ya Iringa na Mbeya inayohitaji alichosomea, na kwamba wenzake waliobaki kazini wamekwisha kupanda ngazi.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Ufadhili wa masomo hulipia shahada: ada, nauli na posho ya kujikimu. Feloshipu, kwa kawaida, humlipia mtu ambaye tayari yumo kwenye taaluma muda wa kufanya utafiti, kupata mlezi wa kitaaluma au kujenga uhusiano na wenzake, na mara nyingi haimpi shahada yoyote. Kwa hiyo ufadhili wa masomo hufaa pale unapokosa sifa ya kuingia kwenye kazi fulani, nayo feloshipu hufaa pale ulipokwisha kuingia lakini umekwama kwa kukosa uzoefu, watu au nafasi ya kufanya kazi yako kwa kina.

Mfano utalifafanua jambo hili vizuri zaidi. Tuwachukue maafisa ugani wawili wa kubuni walioko ofisi moja mkoani Njombe, wote wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 2020, wote wameajiriwa mwaka 2021 na wote wanahudumia wakulima wa viazi mviringo. Wameona tatizo moja. Wakulima wengi hutunza viazi vidogo vya msimu uliopita na kuvifanya mbegu, na kwa njia hiyo mnyauko wa bakteria na magonjwa ya virusi hupita kutoka msimu mmoja hadi mwingine, na mavuno yakazidi kupungua hata kwa mkulima anayeweka mbolea ipasavyo. Wa kwanza, ambaye ni mwanamke, anataka hatimaye awe mtafiti wa mbegu safi za viazi, pengine katika kituo cha Uyole pale Mbeya, kilicho chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania. Wa pili anataka kufanya kazi upande wa sera na udhibiti, kwa sababu anaamini kwamba kikwazo kikubwa ni namna mbegu iliyothibitishwa inavyozalishwa, inavyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na inavyomfikia mkulima kwa bei anayoimudu.

Tatizo lao ni moja na elimu yao ni sawa, lakini mapengo yao yanatofautiana, na hapa ndipo tangazo lile lile linapomfaa mmoja na kumpoteza mwingine. Chukua Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983. Hulipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, hudai uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, unaohesabiwa kuwa saa 2,800, na humtaka mfadhiliwa arudi nchini kwake kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya masomo. Maswali yake ya maombi hugusa uongozi, ujenzi wa mahusiano, sababu za kuchagua kozi na mpango wa kazi. Hicho ni kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu wa aina ya afisa wetu wa pili: anahitaji nadharia za sera na uchumi wa kilimo ambazo zinaweza kufundishwa darasani kwa mwaka mmoja, na miaka miwili ya kurudi nyumbani si mzigo kwake kwa kuwa kazi anayoitaka iko hapa hapa.

Kwa afisa wa kwanza mwaka huo mmoja ni mfupi mno. Katika kozi nyingi za mwaka mmoja za Uingereza, tasnifu huandikwa ndani ya miezi michache ya kiangazi. Zao la viazi lenyewe huchukua miezi mitatu hadi minne shambani, na anayetaka kuona jinsi ugonjwa unavyojikusanya ndani ya mbegu lazima aifuate mbegu hiyo zaidi ya msimu mmoja. Anahitaji kozi ya miaka miwili, yenye mafunzo ya maabara mwaka wa kwanza na utafiti mwaka wa pili, na ingekuwa heri zaidi kama chuo kitamruhusu kuja kukusanya takwimu zake Njombe. Kozi za namna hiyo zimo katika orodha ya EPOS, mpango wa DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, kwa ajili ya wataalamu kutoka nchi zinazoendelea. Anaweza pia kusoma hapa hapa Afrika, kwa sababu DAAD ina ufadhili wa kusoma katika vyuo vilivyochaguliwa vya bara hili, na kwa mtafiti wa mbegu kuwa karibu na shamba lake ni faida kubwa ambayo naona watu huidharau bila sababu.

Sasa tuangalie muda, kwa maana hapa ndipo mipango mingi huharibika. Pamoja na uzoefu wa miaka miwili, EPOS kwa kawaida hutaka shahada ya mwisho isiwe na umri wa zaidi ya miaka sita wakati wa kuomba. Afisa wetu wa kwanza alihitimu 2020 na kuanza kazi 2021, kwa hiyo mlango huo humfungukia 2023 na humfungia miaka sita ya shahada yake inapotimia, mwaka 2026. Chevening haina sharti la umri wa shahada, maana yake afisa wa pili anaweza kungoja, akaongoza mradi mmoja au miwili, na akaomba akiwa na mambo mazito zaidi ya kueleza kuhusu uongozi. Kuna milango inayofungwa kadiri miaka inavyopita na kuna inayofunguka kadiri uzoefu unavyoongezeka. Mwenye mpango huorodhesha kwanza ile inayofungwa, kwa kuwa hiyo akiikosa haitamrudia.

Muda wa maombi wenyewe nao ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Chevening hufunguliwa mwezi Agosti, usaili hufanyika mwaka unaofuata, na masomo huanza Septemba au Oktoba ya mwaka huo wa pili, yaani takriban miezi kumi na mitatu tangu kuomba. Katika kipindi hicho mwombaji huandika maelezo yake, hupata barua za wadhamini, huomba chuo chenyewe na, kama ni mtumishi wa umma, hutafuta ruhusa ya masomo kwa mwajiri. Ruhusa hii isiachwe hadi mwisho. Mtumishi anayeondoka bila ruhusa anaweza kufunguliwa shauri la nidhamu kwa utoro kazini, akarudi na shahada ya uzamili lakini bila ajira ambayo mpango wake wote uliitegemea. Ni bora mwajiri ajue mapema, na bora zaidi kama fani unayoomba imo katika mpango wa mafunzo wa halmashauri.

Maelezo ya mpango wa kazi ndiyo yanayoonyesha waziwazi kama mtu ana mkakati au anabahatisha. Mwombaji asiye na mwelekeo huandika hivi: “Nina ndoto ya kuleta maendeleo ya kilimo Tanzania na kuwasaidia wakulima wadogo.” Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kutoka mkoa wowote, na msomaji wa maombi hana cha kuushikia ukweli wake. Afisa wetu wa kwanza angeandika: “Katika kata ninazozihudumia wakulima hupanda viazi walivyovuna wenyewe. Naweza kutambua mnyauko kwa macho ukishajitokeza shambani, lakini siwezi kupima kama mbegu ina virusi kabla haijapandwa, na ofisi yangu haina mtu anayeweza. Kozi hii ina somo la kupima virusi vya mimea na mwaka mzima wa utafiti. Nikirudi nitaomba kuhamia kituo cha utafiti, ambako nitashughulikia uzalishaji wa mbegu safi.” Hapa pengo linaonekana, kozi inaliziba, na kazi ya baadaye ina anwani. Mfadhili naye anapata jibu la swali lake la ndani, ambalo ni fedha yake itakuwa imefanya nini miaka mitano baadaye.

Feloshipu huingia katika hatua inayofuata. Mwanamke huyu akishakuwa mtafiti anaweza kuziangalia feloshipu za AWARD, taasisi iliyoanza mwaka 2008 na yenye makao Nairobi, ambayo inajulikana kwa kuwaunganisha wanawake wa sayansi ya kilimo barani Afrika na walezi wa kitaaluma. Akiiomba leo, akiwa bado afisa ugani, atakuwa anabisha hodi kwenye mlango uliokusudiwa watafiti. Kukataliwa huko hakumaanishi kwamba hafai. Kunaonyesha tu kwamba amewahi mno.

Dalili za kupotea njia huonekana mapema kwa anayetaka kuziona. Ya kwanza ni kujikuta unaandika upya mwelekeo wa maisha yako kila tangazo linapotoka: mwezi huu wewe ni mtu wa mabadiliko ya tabianchi, mwezi ujao wa afya ya jamii. Kubadilisha lugha ili imfae mfadhili ni jambo la kawaida, ila kazi inayotajwa mwishoni inapaswa kubaki ile ile. Dalili ya pili ni ngumu zaidi kuiona: kusomea jambo linalotegemea vifaa ambavyo hakuna taasisi ya kwetu inayo. Mtu anaweza kubobea katika mashine ya maabara kule alikosoma, na akirudi akakosa pa kuitumia. Kabla ya kuchagua mada ya utafiti, afisa wetu afunge safari hadi Uyole, aulize ni vipimo gani vinafanyika pale na vipi vinakwama, na amwombe mtafiti mmoja awe msimamizi wake wa pili. Safari hiyo ya siku moja itampa mada, mdhamini wa kuandika barua, na watu watakaomkumbuka nafasi ikitangazwa.

Lipo pia suala la kukosa, kwa kuwa wanaokosa ni wengi kuliko wanaopata. Mpango uliojengwa juu ya kazi hausimami mwombaji anapokataliwa, kwa sababu pengo bado linajulikana na linaweza kupunguzwa kwa njia nyingine: kozi fupi ya ukaguzi wa mbegu, jaribio dogo la mbegu safi na mbegu ya mkulima katika shamba darasa, au shahada ya uzamili kwa masafa, ambayo Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola imekuwa ikiilipia kwa wanaobaki kazini nchini mwao. Takwimu za jaribio hilo la shamba darasa, zikitunzwa vizuri kwa misimu miwili, zinaweza kuingia moja kwa moja katika maombi ya mwaka unaofuata.