Je, wajua ukuta wako unakula tofali ngapi?

Nina ukuta wa mita 9 wenye mlango mmoja na madirisha mawili. Ninunue tofali ngapi za inchi 6?

Tofali 181 zitaingia ukutani, agiza 190.

"Inchi 6" ni unene tu. Hesabu inataka uso wa tofali, yaani upande utakaoonekana ukutani, kwa hiyo chukua futi upime: viwanda vingine vya mtaani hutumia fomu fupi kuliko vingine. Tuseme yako ina urefu wa sentimita 45 na kimo cha 22.5, na fundi anaweka mota ya sentimita 2.

Kila tofali huja na mota yake, moja ya ubavuni na moja ya chini. Basi nafasi inayochukua ni 47 kwa 24.5, sawa na mita za mraba 0.115. Ukisahau mota, utapata tofali 205 badala ya 181, na hizo 24 za ziada utazilipia pamoja na usafiri.

Sasa ukuta. Mistari ya tofali, yaani kozi, 9 chini ya renta na 3 juu yake ni kozi 12, kila moja sentimita 24.5, jumla mita 2.94. Renta yenyewe ni zege, usiiingize kwenye kimo. Zidisha kwa urefu wa mita 9: mita za mraba 26.46.

Toa uwazi. Mlango ni 0.9 kwa 2.2, yaani 1.98. Kila dirisha ni 1.5 kwa 1.225 (kozi 5 kamili), na yote mawili ni 3.68. Pima tundu litakaloachwa na fundi, pamoja na nafasi ya fremu, wala si kioo. Zinabaki 20.8, gawa kwa 0.115, unapata 181. Asilimia 5 juu yake ni ya zinazovunjika njiani na vipande vya kukata pembeni mwa madirisha. Tofali zikimomonyoka ukizigusa, hata asilimia 10 haitoshi. Afadhali ubadili muuzaji.

Ukihesabu nyumba nzima, kona ndizo huleta udanganyifu. Ukipima kuta zote nne kwa nje, kila kona unaihesabu mara mbili, na kwa kimo hiki ni kama tofali 4 kila kona. Pima kuta mbili zinazotazamana kwa nje, na mbili nyingine kwa ndani.

Muulize pia fundi kama atazisimamisha au atazilaza. Hesabu hii ni ya kusimamisha, tofali kama 8.7 kwa mita ya mraba. Akizilaza, kama wengi wafanyavyo kwenye msingi, kimo cha kila kozi kinakuwa sentimita 15 na mota, na mita ile ile inakula tofali 12.5.