Akaunti ya mtumishi aliyeondoka: safari ya sharti moja kutoka kwenye mwongozo hadi kwenye ushahidi

Mtumishi ameandika barua ya kuacha kazi, na siku yake ya mwisho ofisini ni Ijumaa. Akaunti anayoingilia mifumo ya taasisi inatakiwa kuzimwa lini?

Swali hili ndilo ninaloanza nalo kila ninapowafundisha wakaguzi wapya kulinganisha miongozo ya vihatarishi. Karibu kila mwongozo unaohusu usalama wa taarifa umeligusa, na kila mmoja umelijibu kwa namna yake.

PCI DSS, kiwango kinacholinda taarifa za kadi za malipo, kinasema katika sharti 8.2.5 la toleo la 4.0.1 (2024) kwamba aliyeondoka aondolewe ruhusa mara moja. NIST SP 800-53, orodha ya vidhibiti ya taasisi ya viwango ya Marekani, toleo la 5 la mwaka 2020, katika kidhibiti PS-4 inataka ruhusa izimwe ndani ya muda fulani, lakini muda wenyewe imeuacha wazi ili taasisi ijaze. ISO/IEC 27001:2022, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa usalama wa taarifa, katika kidhibiti 5.18 cha Kiambatisho A, hakitaji muda hata kidogo. Kinachotaka ni kwamba haki za kuingia kwenye mifumo zitolewe, zipitiwe, zirekebishwe na ziondolewe kwa kufuata sera ya taasisi yenyewe. NIST CSF 2.0 ya mwaka 2024, mwongozo wa usalama wa mtandao wa taasisi hiyohiyo ya Marekani, katika kipengele PR.AA-05 inazungumza kwa ujumla zaidi: inataka ruhusa ziwe zimeelezwa kwenye sera, zisimamiwe na zipitiwe, wala haimtaji mtu aliyeacha kazi.

Wengi wakisoma majibu haya manne huuliza ni mwongozo gani mkali zaidi. Swali lenye manufaa zaidi kwa mkaguzi ni hili: nani anapanga kipimo? Kwenye PCI DSS kipimo kimeshaandikwa, na mkaguzi anakuja nacho. Kwenye ISO 27001 na NIST SP 800-53 kipimo ni sentensi iliyomo ndani ya sera yenu, na mkaguzi anawapima kwa maneno yenu wenyewe. CSF haina kufaulu wala kufeli. Inaonyesha mlipo na mnapotaka kufika. Ila si sahihi kuiweka pia ISO 31000 au mwongozo wa COSO wa mwaka 2017 kwenye ulinganisho huu. Miongozo hiyo miwili inaeleza namna ya kuvitambua, kuvipima na kuvisimamia vihatarishi vya taasisi nzima. Haina orodha ya vidhibiti ambayo mtu angeweza kuioanisha na akaunti iliyozimwa Ijumaa jioni.

Sasa tuje kwenye jedwali la ulinganisho, lile lenye safu moja kwa kila mwongozo. Nimeyaona mengi, na makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kufuata kichwa cha kidhibiti bila kusoma matini yake. ISO 27001 ina kidhibiti 6.5 kinachohusu majukumu baada ya ajira kukoma, na watu huoanisha nacho uzimaji wa akaunti kwa sababu neno “kukoma” limewavutia. Lakini 6.5 kinahusu wajibu unaoendelea kumfunga mtu baada ya kuondoka, kama kutunza siri za taasisi. Akaunti iko kwenye 5.18. Wengine bado wanaandika A.9.2.6, namba ya toleo la 2013 lililokuwa na vidhibiti 114. Toleo la 2022 lina 93, na kile cha zamani kimeunganishwa na vingine ndani ya 5.18.

La pili ni kudhani kwamba visanduku viwili vilivyo kwenye mstari mmoja vinalingana. Sharti 8.2.5 la PCI DSS ni sehemu ndogo tu ya yale yanayotakiwa na PR.AA-05. Kwa hiyo taasisi inayozima akaunti kwa wakati haijatimiza PR.AA-05 yote, kwa kuwa humo kuna pia upitiaji wa ruhusa na mgawanyo wa majukumu. Mwaka 2024 NIST ilitoa waraka IR 8477 unaopendekeza uhusiano uandikwe bayana: ni sawa, ni sehemu ya, ni pana kuliko, unagusana kwa sehemu, au haupo. Ninashauri safu hiyo moja iongezwe kwenye kila jedwali. Bila hiyo, msomaji atageuza “vinagusana” kuwa “ni kitu kilekile”.

Baada ya mwongozo inakuja sera. Hapa mkaguzi anatafuta sentensi inayopimika, na mara nyingi anakuta “ruhusa ya mtumishi aliyeondoka itaondolewa haraka iwezekanavyo”. Sentensi hiyo haipimiki, kwa sababu hata siku 40 zinaweza kutetewa kwayo. Sentensi inayopimika inamtaja mhusika, inasema tendo, inaweka muda, na inaeleza muda huo unaanza kuhesabiwa lini: “Msimamizi wa mifumo atazima akaunti zote za mtumishi ndani ya saa 24 baada ya mwisho wa siku yake ya mwisho ya kazi, kwa taarifa ya Kitengo cha Rasilimali Watu.” Kisha mkaguzi anasoma taratibu za kitengo hicho. Akikuta humo kwamba taarifa za walioondoka hupelekwa TEHAMA kila Jumatatu, ameshapata hoja kabla hajafungua mfumo wowote. Taarifa inayotoka mara moja kwa wiki haiwezi kutimiza saa 24.

Tuseme sera inasema saa 24 na taratibu hazipingani nayo. Ninaweka hapa taasisi ya mfano, yenye hesabu nilizozitunga ili hatua zionekane.

Mkaguzi anaomba ushahidi wa mwaka mzima. Kitengo cha TEHAMA kinampa maombi 58 ya kuzima akaunti, yote yakionyesha kufungwa ndani ya saa 24. Mkaguzi asiye makini atachagua sampuli ya 25, ataikuta safi na kuandika kwamba kidhibiti kinafanya kazi. Tatizo ni kwamba orodha ya maombi imetokana na kidhibiti chenyewe. Mtu ambaye hakuna aliyemwombea kuzimiwa akaunti hayumo humo, na yeye ndiye tunayemtafuta.

Kwa hiyo mkaguzi anaanzia kwenye chanzo kisichotegemea TEHAMA. Kitengo cha Rasilimali Watu kinampa majina 62 ya walioacha kazi. Anayapima kwa orodha ya mishahara: kila aliyelipwa mwanzoni mwa mwaka, au aliyeajiriwa katikati, na ambaye hayumo kwenye malipo ya Desemba, lazima awe kwenye orodha ya walioondoka. Wanajitokeza wawili zaidi. Ni watumishi waliofariki wakiwa kazini, ambao kitengo kiliwaweka kwenye jalada tofauti kwa sababu hawakuwa “wameacha kazi”. Jumla sasa ni 64. Idadi hii ni ndogo, hivyo hakuna haja ya sampuli; wote wanapimwa.

Upande wa mfumo, kwa taasisi inayotumia Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za watumiaji, mkaguzi anasimama kando ya msimamizi wa mifumo na kuishuhudia amri ikiendeshwa, badala ya kupokea jedwali ambalo hajui lilitokaje:

```
Get-ADUser -Filter * -Properties LastLogonDate,whenChanged |
  Select-Object SamAccountName,Enabled,LastLogonDate,whenChanged |
  Export-Csv akaunti.csv -NoTypeInformation
```

Matokeo haya yana mitego. Safu ya `whenChanged` si tarehe ya kuzimwa, kwani hubadilika akaunti inapoguswa kwa jambo lolote, hata namba ya simu ikirekebishwa. `LastLogonDate` nayo inaweza kuchelewa hadi siku 14, kwa hiyo tarehe ya kabla ya kuondoka haithibitishi kwamba hakuna aliyeingia baadaye. Tarehe ya kuzimwa inathibitishwa na tukio namba 4725 kwenye kumbukumbu za usalama za seva ya kikoa.

Kwa wale 64, 58 wana maombi na akaunti zao zimezimwa. Sita hawana. Kati ya sita hao, wanne akaunti zao zilizimwa siku 5 hadi 31 baada ya kuondoka, na wawili bado ziko hai. Mmoja wa hao wawili ni marehemu, na akaunti yake inaonyesha mtu ameingia wiki tatu baada ya kifo. Hapa mkaguzi hakimbilii kuandika neno “udanganyifu”. Inawezekana simu iliyobaki nyumbani inaendelea kuvuta barua pepe, au mwenzake alikuwa na nywila yake, au kuna kazi ya mfumo inayotumia akaunti hiyo. Ila halipiti kimya: linafunguliwa uchunguzi wake peke yake, kumbukumbu zinahifadhiwa, na akaunti inazimwa siku hiyohiyo. Inazimwa, haifutwi, kwa sababu ikifutwa ufuatiliaji wa kilichofanywa kwayo unakuwa mgumu.

Hata wale 58 hawajamalizika. Muda wa kufungwa kwa ombi ni maneno ya mtu aliyebonyeza kitufe. Kumbukumbu za tukio 4725 katika taasisi hii hutunzwa miezi mitatu tu, hivyo maombi 17 pekee ndiyo yanayoweza kulinganishwa nazo. Kumi na tano yanakubaliana. Mawili yalifungwa siku kadhaa kabla akaunti haijazimwa. Kwa 41 yaliyobaki, mkaguzi mwaminifu anaandika kwamba akaunti zimezimwa lakini muda haukuweza kuthibitishwa. Hayahesabu maombi hayo kuwa yamefaulu.

Bado kuna kundi lisilo kwenye orodha ya Rasilimali Watu wala ya mishahara: wafanyakazi wa wazabuni. Chanzo chao ni mikataba iliyoko Kitengo cha Manunuzi. Tisa mikataba yao imekwisha, na watatu akaunti zao ziko hai. Sababu inajulikana mara moja, kwani hakuna waraka wowote unaompa mtu jukumu la kuiarifu TEHAMA mkataba unapokwisha.

Ushahidi huu mmoja sasa unarudi kwenye miongozo na kupata hukumu tofauti. Kwa ISO 27001 ni kutokidhi 5.18, kwa kuwa taasisi haikufuata sera yake. Kwa NIST SP 800-53 ni vivyo hivyo, iwapo nafasi iliyoachwa wazi kwenye PS-4 ilijazwa saa 24. Kwa PCI DSS mkaguzi anauliza kwanza kama akaunti yoyote kati ya hizo ingeweza kufikia mazingira ya taarifa za kadi. Kama hakuna, sharti 8.2.5 halijaguswa. Kama ipo, basi hata iliyozimwa saa 20 baada ya mtu kuondoka, na ambayo sera inaihesabu kuwa sawa, inaweza kukosa sharti la “mara moja”. Kwa CSF, hali halisi ya PR.AA-05 inaandikwa upya kuwa chini ya ilivyodaiwa.

Hoja zinazokwenda kwa menejimenti zinatenganishwa kwa chanzo chake, si kwa mwongozo. Ya kwanza ni ya wale sita: taarifa haikutoka Rasilimali Watu, na waliofariki hawakuhesabiwa. Ya pili ni ya wazabuni, ambao hawana njia kabisa. Ya tatu ni kumbukumbu zinazofutika kabla ya mwaka kuisha. Kila hoja inabeba namba za vidhibiti vyote inavyovigusa, ili marekebisho yakifanyika mara moja yapimwe kwa miongozo yote. Kipimo cha marejeo kitaanzia palepale: orodha ya mishahara, jalada la waliofariki, na mikataba iliyokwisha.